Waitikiaji Walinyamaza

Homa Bay,
Alhamisi, 18 Julai 1996

Kwa kaka yangu mpenzi Abdurahman,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta salama, wewe na Mama, wifi Kaltum na watoto. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mwambie aache ukaidi, dawa ni za kumezwa, si za kupangwa dirishani. Mimi ni mzima wa mwili, Alhamdulillahi, ila wiki hii usingizi umenihama, na chakula nakila kwa kulazimishwa.

Najua ukiona karatasi nyingi utaguna na kuruka mpaka mwisho. Tafadhali usiruke. Wewe ndiye uliyenicheka niliposema chuo kikuu kimenituma kuzunguka na kinasa sauti kwenye matanga ya watu. Basi matanga hayohayo ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Mwezi wa nne nilikwenda Lambwe kwenye mazishi ya mtu aitwaye Cephas, aliyekuwa akiuza samaki hapa Homa Bay. Mjane wake, Benta, ni mtungaji hodari wa mbolezi, nyimbo za kuomboleza, na alinikubalia nimrekodi akimlilia mumewe. Unajua Kijaluo cha Suna tulichokulia kinanitosha, kwa hiyo nilinakili maneno yote, nikayatafsiri, nikayapiga chapa vizuri, beti kwa beti. Nikajiona msomi. Kwa adabu nikampa nakala mkuu wa boma, Otieno, kaka mkubwa wa marehemu.

Mwalimu wangu, Dakta Masese, aliisoma kazi ile akanirudishia bila alama. Alisema nimemletea maneno, lakini mwimbaji hakumwona popote. Aliniuliza Benta alisimama wapi, alishika nini, sauti ilipanda au ilishuka wapi, nani waliitikia na nani walinyamaza. Nilikasirika, kaka. Nilidhani ananionea.

Kumbe Otieno alikuwa ameipenda sana kazi yangu. Katikati ya mbolezi ile mna kipande cha sifo, yaani maneno ya kumsifu mtu, na kwenye karatasi yangu kinasomeka hivi:

*Otieno ndiye fahali, ndiye lango la boma hili.*
*Nyumba ya Homa Bay imepata mkono wa kuishika.*
*Mjane na atulie, mwenyewe amefika.*

Otieno alikwenda na karatasi hiyo kwa chifu. Alidai kwamba Benta, mbele ya ukoo mzima, alimsifu kwa kinywa chake na kumkabidhi nyumba, na kwamba msomi wa chuo kikuu ameshuhudia kwa chapa. Nyumba yenyewe ni ile aliyoijenga Cephas karibu na soko, ambamo Benta anaishi na watoto wake watatu. Otieno alikuwa amekwisha kuiandikia mapatano ya kuiuza. Niliposikia niliipekua nakala yangu, na maneno yalikuwa ya kweli. Sikuongeza hata moja.

Usiku ule nikaisikiliza kanda upya, safari hii na kalamu mkononi, nikiandika kila kitu kisichokuwa neno. Hapo ndipo nilipoona nilichokipoteza. Benta anaongoza kwa sauti nyembamba, na kila baada ya mstari wanawake wanaitikia kwa jina la Cephas. Wanaitikia haraka, hata kabla hajamaliza. Halafu kinakuja kipande kile. Kwanza anakohoa, kikohozi kizito cha mtu anayesafisha koo apate kusikilizwa. Sauti inakuwa nzito, ya polepole, na waitikiaji wananyamaza kabisa. Anakohoa kabla ya kila mstari, na watu wanacheka palepale, baada ya kikohozi, si baada ya sifa. Akishamaliza, sauti nyembamba inarudi na kiitikio kinarudi nayo. Nikakumbuka na yale ambayo kanda haikuyanasa: alikuwa amevaa kofia ya mumewe, akaivua, akaokota fimbo, akatembea kwa madaha mbele ya wazee. Kaka, yule mama hakuwa akimsifu Otieno. Alikuwa akimwigiza Otieno anavyojisifu.

Baraza lilifanyika Jumanne. Chifu alinipa nafasi mezani pake niweke kinasa sauti, karibu na hati ya mapatano. Wazee walitaka kwanza Benta arudie mwenyewe wasikie. Alikataa. Alisema mbolezi haiimbwi pasipo msiba, na yeye hana mtu mwingine wa kuzika. Otieno akasema anaogopa ukweli, na baadhi ya wazee wakatikisa vichwa kumwunga mkono. Niliogopa sana, kaka. Nilimwona Benta akimvuta mtoto wake mdogo karibu.

Nilichezesha kipande kile tu. Nikawaeleza kuhusu sauti, kikohozi na kicheko. Otieno akajibu kwa utulivu kwamba watu walicheka kwa furaha na wanawake walinyamaza kwa heshima. Jibu lilikuwa zuri, na chifu alikwisha kuchukua kalamu. Nikaomba waulizwe waitikiaji wenyewe. Akasimama mama mmoja, Rael, akaeleza kwamba wao humwitikia mwimbaji wao, na pale mwimbaji wao alikuwa ameondoka, aliyekuwa akisema ni Otieno. Wangemwitikiaje mtu anayejisifia nyumba ya marehemu, na marehemu hajazikwa?

Otieno aliinuka kwa hasira ajibu. Akasafisha koo.

Baraza zima lilicheka. Walicheka kama kwenye kanda, palepale, kabla hajatamka neno, hata wazee waliokuwa upande wake. Alisimama kidogo akiwatazama, na nadhani ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza mbolezi ile ilivyoimbwa. Aliketi. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Chifu akasema karatasi yangu haiwezi kuwa ushahidi wa kukabidhi nyumba. Lakini alisema pia kwamba mapatano yana mnunuzi, na mnunuzi akishikilia haki yake, shauri litapelekwa kwa D.O., mkuu wa tarafa, na huko hakuna atakayesikiliza kanda. Watasoma karatasi. Ameahirisha mpaka mnunuzi aseme neno lake.

Sasa nikwambie lililoninyima usingizi. Hati ile ilikuwa mbele yangu mezani, kabla hata sijabonyeza kinasa sauti. Niliiona sahihi yako mahali pa mnunuzi, ile herufi ya kwanza unayoizungusha kama Baba alivyokuwa akifanya. Duka la Homa Bay ulilokuwa ukitusimulia tangu mwezi wa tano ni nyumba ya Benta. Najua hukujua. Otieno alikuonyesha karatasi yenye kazi ya dada yako, nawe ukaamini, na ningekuwa wewe ningeamini. Lakini nilipobonyeza kile kitufe nilijua ninamwangusha nani, na nilibonyeza. Sikuombi msamaha kwa hilo. Nakuomba tu usinichukie.

Barua hii sikuitia posta. Aliyekukabidhi ni Benta mwenyewe, na bila shaka bado amesimama hapo mbele yako. Anajua wewe ni nani. Nilimwambia jana, nikidhani atanitukana. Aliniuliza kama kaka yangu ni mtu wa kusoma au mtu wa kusikiliza. Nilimwambia sijui.

Mpe kiti, kaka, na wifi amletee chai. Nisalimie Mama na majirani wote wa Suna wanaoniulizia, unibusie na watoto. Nawaombea afya na riziki ya halali.

Wassalaam.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Shamima