Mtarudi Wote

Chumba cha Tatu,
Nyumba ya Matofali Nyuma ya Ghala la Mbao,
Mwisho wa Barabara.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zetu sote. Mguu wako ulioteguka umepona, au bado unauburuta na kusema umepona? Wanao hawajambo? Huku tunapumua. Bibi anakula, ingawa kidogo, na kifua cha Mama kimetulia tangu mvua ikatike.

Baba ndiye aliyepaswa kukuandikia, lakini kila Jumapili anasema kesho. Mimi nimemaliza shule na sina kisingizio. Kwa hiyo naandika mimi, yule uliyempa jina la Kimya. Mbele za watu maneno hunikimbia, ila kwenye karatasi huwa yananisubiri.

Ulipoondoka walikuwa wameanza kubandika vibao vya urithi, vya kutambulisha majengo ya kale, kwenye nyumba za mtaa wetu. Tulifurahi sana. Bibi alikuwa akikifuta kibao chetu kila asubuhi kama sinia la wageni. Hatukujua kwamba kibao kinakuja na masharti: ukuta upakwe chokaa, si saruji, madirisha yawe ya mbao ngumu, paa lisizibwe kwa bati. Unamkumbuka mwenye nyumba wetu, hata hilo bati lilimshinda. Alipofariki, wanawe waliona wamerithi mzigo, wakaiuza nyumba kwa kampuni iliyokuwa ikinunua safu yote. Halmashauri humrudishia mwenye jengo nusu ya gharama za kulikarabati, na kumsamehe kodi ya jengo kwa miaka kadhaa. Lakini lazima kwanza uwe na fedha za kuanzia. Wanawe hawakuwa nazo, kampuni ilikuwa nazo.

Wapangaji tuliitwa kwenye mkutano. Msemaji wa kampuni alikuwa mpole, akasema, "Mtahama kwa muda tu. Tukimaliza, mtarudi wote, na kila nyumba itakuwa na bafu lake. Ninyi ndio roho ya mtaa huu." Tukapiga makofi. Akasimama yule mama mwoka mikate wa pale kwenye kona.

"Kurudi nimesikia. Kwa kodi gani?"

"Kodi ya wakati huo, mama."

"Na wakati huo unauzwaje?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Kaa chini, bibie, unatucheleweshea bafu." Hata Baba akachangia: "Huyu hata akipewa pepo atauliza mlango unafungwa saa ngapi." Ulimi wa kaka yako unaujua. Mama huyo alikataa kuhama, akaendelea kuoka katikati ya majukwaa ya mafundi na vumbi la chokaa, na Baba akambandika jina la Bi Msumari, kwa kuwa hang'oki.

Sisi tulihama kwa hiari. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha Bibi, nasi tulitaka litengenezwe. Sheria ya zamani inamlinda mpangaji asipandishiwe kodi ovyo maadamu anaishi humo. Akitoka, na jengo likakarabatiwa lote, kodi hupangwa upya. Hakuna aliyetuficha. Ni kwamba kuuliza bei mbele ya mtu anayekutengenezea nyumba tuliona ni utovu wa adabu.

Kampuni ilitulipia chumba hiki mpaka ukarabati ulipokwisha. Kisha wakamwita Baba, wakamwambia nafasi ya kwanza ni yetu, kama walivyoahidi. Kodi ilikuwa mara nne ya ile ya zamani, tena ya vyumba vya juu peke yake. Karakana yake ya magodoro, ile ya chini, haikuwemo. Vyumba vyote vya mbele sasa ni vya maduka na mikahawa, kazi zisizo na vumbi wala kelele. Nawe ulikulia kwenye karakana ile ukipiga chafya, Shangazi. Unajua kama pamba inaweza kupigwa bila vumbi. Baba alishukuru akatoka. Alituambia njia nzima alikuwa akitafuta mtu wa kumkasirikia, na kila aliyemfikiria alikuwa amempa kiti.

Alijaribu kushona magodoro huku. Pamba tuliianika juu ya ukuta wa ghala. Lakini wateja wake walikuwa majirani, waliojitwisha godoro lililobonyea, likapigwa upya, na jioni wakalifuata. Nao wametawanyika, kila mmoja upande wake. Hapa watu hununua sponji dukani. Siku hizi Baba anabeba magodoro hayo ya sponji kutoka kwenye lori hadi dukani. Akirudi hasemi kitu. Nyumba yetu sasa ina Kimya wawili.

Bibi hatukumwambia. Kila siku aliuliza, "Chokaa haijakauka tu?" na Mama akijibu bado kidogo. Mimi nilikuwa na tumaini langu. Bi Msumari anacho chumba cha nyuma, na kodi yake ni ile ile ya zamani, maana hakutoka. Nikawaza Bibi akalale kwake, walau azeeke mtaani kwake. Wiki iliyopita nilijikaza, nikaenda kumwomba.

Nilimkuta anafunga mizigo. "Kuning'oa hawakuweza, binti yangu," akaniambia. "Ila msumari ukibaki peke yake, ubao ukaondolewa, unashika nini?" Waliokuwa wakinunua mkate wake asubuhi wamehama. Mtaa umejaa hoteli, na wageni wake hula humo humo. Barabara imewekewa mawe mazuri na magari hayaruhusiwi, hivyo unga anaubeba mwenyewe begani. Kisha wageni wakalalamikia moshi, akatakiwa ajenge bomba la moshi la namna inayofaa jengo la urithi. Anaondoka mwisho wa mwezi. Alinipa mikate miwili na kusema, "Msalimie baba yako. Mwambie nilimsamehe siku ile ile, alinichekesha."

Basi sikuwa na la kumficha tena Bibi. Nilimpeleka akaone mwenyewe, kwa sababu kusema nisingeweza. Nyumba yetu nayo imekuwa hoteli, Shangazi. Kijana wa mapokezi aliuliza tunamtafuta nani. Bibi akamjibu, "Nimezalia watano humu." Kijana akainuka kwa heshima na kutupandisha juu. Chumba ulichozaliwa kina bafu jeupe katikati, bila pazia. Bibi alitazama dari kwa muda mrefu. "Wametengeneza vizuri. Paa halivuji," akasema. Kisha akakibonyeza kitanda kwa kiganja. "Ila hili godoro litawavunja mgongo." Kijana akacheka. Nilitamani asingekuwa mwema hivyo, nipate pa kumchukia.

Njiani hakulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akanishika mkono kama mtu anayevusha mtoto barabara. Usiniandikie kwamba Mungu atafungua mlango mwingine. Naamini anaweza, ila kwa sasa siuoni, na kukudanganya sitaki.

Wasalimie wanao wote na baba yao. Baba, Mama na kaka yangu mdogo wanakusalimu. Bi Msumari naye, ukimkumbuka. Mungu akulinde huko, akuhifadhie nyumba unayoishi, na asiwepo wa kuipenda kuliko wewe.

Bibi anasema hana salamu, ana agizo. Nanukuu: "Mwambie binti yangu asiandike tena kule nyumba ya zamani. Yule kijana ana adabu, ataipokea barua na kuiweka mezani, naye mwanangu atadhani imefika."

Wako akupendaye,
Kimya.