Filamu za Mjomba

Jumatatu, 4 Machi
Usaili wa chuo cha muziki ni mwisho wa mwezi. Mama kamwomba mjomba, mwalimu wa uigizaji, anichagulie filamu za wanamuziki. Eti zinitie moyo. Kwa hiyo nikishuka kwenye fidla, napanda kwenye filamu za fidla. Pa kutokea hakuna.

Jumatano, 6 Machi
Ya kwanza: mpiga piano. Baba anamfungia chumbani, anapiga mpaka analia, mwisho ukumbi mzima unasimama. Mwaka wa mazoezi umepita ndani ya wimbo mmoja — vidole, mvua, vidole, tayari!
Halafu mikono si yake. Kamera ikiwa usoni, mabega hayaendi na sauti. Ikishuka mikononi, uso haupo. Nimemwambia mama. Kasema naacha funzo nahangaika na mabega.
Funzo ni kwamba maumivu ni njia. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kinawaka kila nikibonyeza nyuzi. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu wa fidla kauliza mbona noti ndefu hazitetemi inavyotakiwa. Kanishika kidole gumba: nakaba shingo ya fidla kama ya kuku. Tulicheka. Kauliza kama panauma. Nikasema hapana — mama alikuwa kwenye kiti chake, palepale.

Jumapili, 10 Machi
Mjomba kaleta nyingine mkononi. Mwanamke na selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi. Hakuna ukumbi, hakuna makofi. Kipande kilekile kifupi, anakosea, anapunguza mwendo, anakaza uzi, anakosea tena. Pumzi zake zinasikika, maana sauti imerekodiwa papo hapo, na mikono ni yake kweli. Kisha daktari anamwambia apumzike. Analaza selo sakafuni, anakaa tu. Kamera haimwondokei.
Mama akazima.
"Ndiyo nini hii, kumletea mtoto mtu aliyeshindwa?"
"Dada, huyo hajashindwa. Yuko kazini."
Wakaenda kubishana jikoni. Mjomba kaondoka bila kuaga, na diski yake.
Nataka kujua kama aliinyanyua tena ile selo. Nawaza hilo tu.

Jumanne, 12 Machi
Kifundo kimevimba. Sweta la mikono mirefu, na joto lote hili.
Mama kaiweka tena ile ya piano, pale mpiga piano anapougua homa. Ona, kasema, mgonjwa na bado kapanda jukwaani.
"Mama, anayepiga hapo si yeye."
"Ni nani basi?"
"Mtu mwingine. Hawamwonyeshi."
Nikakimbilia chumbani, nikashika kalamu.
Sasa yuko mlangoni na fidla yangu. Anasema njoo, mara moja tu, kile kipande cha usaili. Nimesema namalizia kuandika. Mkono wa kushoto nimeuficha chini ya mto.
Kalaza fidla kitandani. Anautazama mto.
Anasema, taratibu sana, niutoe mkono auone