Hongera ya Ashura

Dorca, yawa! Leo binti yangu Seline amenianika mbele ya wageni wake!

Amewasimulia ile Ashura ya mwaka tisini na nne. Mchana nilimpelekea jirani yetu Msuni, Mama Mwanaidi, samaki, kumbe Wasuni wamefunga, kumshukuru Mungu aliyemwokoa Musa kwa Farao, kama Mtume alivyofunga. Akacheka tu, "Weka hapo, nitafuturu nao."

Basi nikajiona najua! Nikavaa gauni jekundu, mbio kwa jirani Mshia, Mama Fiza: "Hongera, Musa ameokoka!"

Nyumba nzima imevaa nyeusi, inalia. Wanamwomboleza Husseini, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala siku hiyohiyo. Hongera, Dorca! Kwenye matanga!

Wageni wakacheka. Mmoja akaniuliza polepole, "Lile gauni lilikuwa na maua meupe?"

Dorca, ni Fiza mwenyewe.