Akubariki na Akulinde

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimeshona mashati mawili ya komunyo. Kola ya la pili imenishinda, nimeifumua. Baba na Deo bado hawasemezani.

Deo amepata kazi ya ulinzi Uarabuni. Wanakwenda wawili, yeye na Hamisi wa Kivinje, aliyekuwa akilinda naye ghala la korosho. Viza zimetoka. Baba anasema mwanawe wa kiume wa pekee hawezi kwenda kulinda majumba ya watu huku mikorosho ya nyumbani inamezwa na pori. Juzi alimwambia, "Ukienda, radhi yangu usiihesabu." Tangu siku hiyo Deo akiingia ndani, Baba anageukia ukutani.

Mama angekuwa hai angewapatanisha. Mimi sijui namna.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Padre hakufika, barabara ya parokiani imekatika kwa mvua. Nimepaka mimi, katekista. Baba alikuja mapema, akainamisha kichwa. Deo alikaa mwisho kabisa wa mstari, ili wasikutane.

Baada ya sala Deo amenifuata jikoni. Anasema haendi tena. Anaogopa kusafiri bila neno la mzazi. Simlaumu. Huku kwetu mtu hapandi hata basi la Dar bila kusemewa neno. Akaniomba nimpe mimi ile baraka ya Haruni, ile inayosomwa mwaka mpya. Nikamwambia mimi si kuhani.

"Basi niandikie, dada. Nikiielewa, nitaenda."

Nikikataa atabaki. Atabaki kwa woga, na Baba atamtazama kama kuku aliyerudishwa bandani. Sitaki hilo.

Alhamisi, 6 Machi
Mtandao umekatika kwa mvua hii. Nimepanda mlimani kuutafuta, nikampigia Padre. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, kisha nikamweleza. Anasema dada anaweza kumwombea nduguye baraka na kumchora msalaba kwenye paji la uso, kama mzazi anavyofanya. Ila nisijifanye natoa kitu changu. Hata yeye, anasema, hatoi chake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemaliza barua. Nainakili hapa, niwe nayo.

"Mdogo wangu Deo,

Umeniuliza maana. Nakuandikia kama tulivyofundishwa kwenye semina ya makatekista, na kama ninavyoelewa mwenyewe.

Bwana akubariki na akulinde. Bwana akuangazie uso wake na akufadhili. Bwana akuinulie uso wake na akupe amani.

Mungu alimpa Musa maneno haya, Musa akampa Haruni na wanawe makuhani, wawabariki watu waliokuwa jangwani. Watu wa safari, kama wewe. Makuhani hawakuyatunga. Na mara baada yake Mungu anasema: wataliweka jina langu juu yao, nami nitawabariki. Hapo ndipo penyewe. Kuhani analiweka jina, anayebariki ni Mungu. Ndiyo maana jina limetajwa katika kila mstari, mara tatu, na kila mara mtendaji ni Yeye. Kwa hiyo Baba akikunyima, amekunyima ya kwake. Ile ya Mungu hana uwezo wa kuifunga. Wala mimi sina uwezo wa kuifungua. Naiomba tu.

Kwa Kiebrania mstari wa kwanza una maneno matatu, wa pili matano, wa tatu saba. Inakua kadiri inavyosemwa. Na ingawa mbele ya Haruni walisimama watu wengi, haisemi ninyi. Inasema wewe.

Kubarikiwa ni kupewa: afya, kazi, watoto, mvua ya kutosha. Kulindwa ni kwamba ulichopewa kisikupotee, na wewe kisikupoteze. Ndiyo maana maneno hayo mawili yamefungwa pamoja. Hilo la kulinda ni neno la mchungaji na kundi lake, la askari langoni. Adamu aliambiwa hilohilo kuhusu bustani. Na Kaini alimjibu Mungu kwa hilohilo: je, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu? Wewe unakwenda kulinda lango la mtu usiyemjua. Naomba awepo wa kukulinda wewe.

Uso wa mtu anayekupenda unafunguka wewe ukiingia. Akikukasirikia anauangusha, au anaugeuza. Hayo umeyaona nyumbani. Tunaomba Mungu asiugeuze wake mbali nawe. Na amani hapo si kukosa ugomvi tu. Ni kuwa mzima, pasiwe na kilichopungua.

Mwisho nikwambie kweli. Imeandikwa akulinde. Haikuandikwa atakulinda. Ni ombi.

Dada yako, Skola."

Jumatatu, 10 Machi
Ameondoka. Aliisoma barua amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Nikamchora msalaba kwa kidole gumba na kuisema baraka yote taratibu. Akajibu amina kila mstari. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Nami nilifurahi.

Aliingia kumuaga Baba. "Shikamoo Baba." Baba hakuitikia marahaba. Deo akangoja, akangoja, akatoka. Bodaboda ikampeleka Nangurukuru kukutana na Hamisi.

Baba ameshinda shambani kwenye mvua. Hajala.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Deo ametuma picha. Sare ya bluu, buti, kofia. Nyuma yake ghorofa la vioo. Anasema Hamisi aliisikiliza barua njiani, akiwa bado na funga ya Ramadhani, akasema hata kwao Waislamu msafiri hukabidhiwa kwa Mungu, kwa kuwa Mungu hapotezi amana. Wanalala chumba kimoja.

Nimempelekea Baba simu. Ameigeuza kifudifudi mezani.

Jumanne, 17 Juni
Kupulizia salfa kwenye mikorosho. Macho yanawasha. Baba anakohoa ila hataki kibarua.

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Deo. Sauti imekauka. Pasipoti zao wamezichukua wenye kampuni. Analinda geti la jengo ambalo halijakwisha, nje, juani, bila kibanda. Maji yako mbali. Akiondoka getini kwenda kunywa, msimamizi anamwandikia kosa. Kwa hiyo hanywi. "Usimwambie Baba."

Sikumwambia.

Ijumaa, 22 Agosti
Deo anaandika kwa nadra. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nimemwambia aende hospitali. Anasema akiomba ruhusa anarudishwa kambini na kusimamishwa kazi. Nimemwambia arudi nyumbani. Pasipoti hana.

Ameniuliza kama bado namwombea ile baraka. Kila asubuhi, nimemjibu. Ni kweli. Lakini inatoka mdomoni kama unga mkavu.

Jumamosi, 15 Novemba
Hamisi amepiga. Nilikuwa naokota korosho, nikakaa chini palepale.

Deo ameanguka getini. Amelazwa. Miguu imevimba, hatambui watu vizuri. Madaktari wa kule wanasema figo. Hamisi alikuwa analia, mtu mzima. Anasema wenzao wengine wawili walikwisha kuanguka hivyohivyo.

Nimemwambia Baba yote, na yale niliyoficha tangu Juni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kikapu, akaendelea kuokota. Korosho zilikuwa zinamponyoka.

Jumapili, 16 Novemba
Sikuongoza ibada. Nimesema naumwa.

Nimekaa na mstari unaofuata ile baraka. Nami nitawabariki. Hiyo ni ahadi, ipo. Nikatafuta palipoandikwa, nami nitawalinda. Hapana. Aya inaishia hapo. Nimeifundisha miaka yote na sikuwahi kuona.

Barua yangu ndiyo iliyompandisha kwenye ndege. Woga wake ulikuwa sahihi, mimi nikauondoa kwa maneno mazuri.

Jumatatu, 1 Desemba
Wamemrudisha. Hafai tena kwa kazi, kwa hiyo pasipoti imepatikana upesi. Nimempokea Dar kwenye kiti cha magurudumu. Sikumtambua, nilimpita. Yeye ndiye aliyeniita, "Dada."

Uso umejaa maji. Anajikuna mikono mpaka damu.

Ijumaa, 5 Desemba
Lindi, hospitali. Daktari ni kijana mpole, alivuta kiti akakaa kabla ya kusema. Figo zote mbili zimekwisha. Zilikauka kwa joto na kiu, siku baada ya siku. Kilichobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, kila wiki zaidi ya mara moja, maisha yote, na mashine ziko mbali, itabidi kuhamia huko. Deo akauliza bila mashine inakuwaje. Daktari akamjibu wazi. Deo akasema anataka nyumbani.

Nilibishana naye hadi nikakauka koo. Akaniacha nimalize.

"Dada, uliniandikia ni ombi. Mimi niliisoma kama ahadi. Si kosa lako."

Afadhali angenitukana.

Jumapili, 21 Desemba
Padre amekuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Deo alipokea vizuri, kisha akasinzia. Siku hizi anasinzia katikati ya maneno.

Nilimsindikiza Padre hadi kwenye pikipiki yake. Nikamuuliza kuhusu kulindwa. Nilitaka anipe kitu. Akasema wapo wanaoeleza kwamba ni kulindwa roho isipotee, naye huwa anahubiri hivyo. Nikamwambia Deo aliomba kulindwa mwili, akiwa juani, na kiu.

"Sijui, Skola," akasema. "Kweli sijui."

Akawasha pikipiki. Nilimheshimu kwa hilo, na halikunisaidia.

Tangu Deo arudi, Baba analala chumba cha nje. Anamletea Deo uji, anauweka mlangoni, anaondoka.

Jumanne, 30 Desemba
Hamisi amepiga kumjulia hali. Nilimshikia Deo simu sikioni. Hamisi alisoma dua ndefu, Deo akajibu amina mahali pasipostahili, na Hamisi akaendelea tu. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Alhamisi, 1 Januari
Padre yuko kigango cha jirani. Nimeongoza mimi. Somo la kwanza leo ni lilelile la baraka ya Haruni, haliepukiki. Nililisoma. Sauti haikukatika, sikulia, sikuamini wala sikukataa. Watu wakajibu tumshukuru Mungu. Nikakaa.

Nimerudi njia ya juu, polepole. Sikutaka kufika.

Baba alikuwa amemtoa Deo nje, amemkalisha kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta. Beseni la maji ya moto pembeni, sabuni, wembe. Alikuwa anamnyoa ndevu. Kichwa cha Deo kinaanguka siku hizi, hakikai. Baba alipiga magoti mbele yake, akamshika kidevu, akakiinua, akanyoa upande mmoja akimtazama kwa karibu. Kikianguka anakiinua tena. Hawakuwa wakisemezana. Deo alikuwa amefumba macho.

Sikuwasalimu. Nimepitia nyuma, nimebandika wali.

Jua kali. Hakuna upepo.