Mama, Ile Insha ya Jihadi Imepita

Isiolo,
Jumapili mchana

Kwako Mama,

Nakusalimu kabla ya yote, na kabla hujaruka mistari kutafuta habari mbaya nakuambia haipo. Mimi ni mzima, nalala vizuri, na mwili niliokuwa nimeupoteza umeanza kunirudia. Wewe je? Goti bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Kaka Mwadime ameniambia unakataa kutembea na fimbo. Mama, hakuna mtu Wundanyi nzima atakayekucheka.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu iliyobaki unaijaza kwa hofu. Nilipokuambia naandika insha ya muhula kuhusu jihadi, ulianza kuomba papo hapo, mimi nikiwa bado nasema "haloo". Ukasema Mtaita anayefundisha dini ya Kikristo, peke yake huko Isiolo, ana haja gani na neno hilo. Sikupata nafasi ya kukueleza kwamba sikulichagua. Mhadhiri wetu aliweka mada kwenye kofia yake, kila mtu akachomoa kikaratasi, na hicho ndicho kilichoniangukia. Lilikuwa somo la mwisho la digrii. Ningeanguka, joho ningelisikia tu kwa wenzangu, na wewe gauni la sherehe umeshashona.

Unajua ninavyoishi na watu hapa. Mama mwenye nyumba ni Mborana, na siku ya Idd sijawahi kuwasha jiko, maana sahani zinabisha hodi kabla sijaamka. Basi insha ya kwanza niliiandika kama mgeni mwenye adabu. Nilisema jihadi ni juhudi ya mtu kuishinda nafsi yake, na nikaegemea ile habari kwamba Mtume alirudi kutoka vitani akasema wametoka kwenye jihadi ndogo, sasa wanaingia kwenye kubwa. Vita nilivifagia nje vyote. Nilijiona mstaarabu kweli.

Nilimpa Ustadh Guyo aisome. Huyu ndiye anayefundisha dini ya Kiislamu shuleni kwetu, meza yake inatazamana na yangu, na digrii tunaisoma pamoja. Alisoma mpaka mwisho, akaivua miwani.

"Mwalimu," akasema, "umetufua mpaka rangi imetoka."

Nilinuna, Mama. Nilitegemea shukrani. Akanieleza kwamba ile habari ya jihadi kubwa na ndogo wajuzi wengi wa hadithi wanaona mapokezi yake ni dhaifu, ingawa masufi waliipenda sana, na kwamba kushindana na nafsi kuna hadithi nyingine iliyo imara kuliko hiyo. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya dini, vina mlango mzima wa jihadi, na mlango huo ni wa vita. Ukiuficha, alisema, atakayekuja kuwafungulia vijana ni yule anayetaka kuutumia vibaya. Kwa kiburi nikaipeleka hivyo hivyo. Mhadhiri akanirudishia, ameandika juu: "Adabu yako ni nzuri. Ushahidi uko wapi?" Akanipa nafasi moja tu ya kuirudia, na kuisoma mbele ya darasa.

Hapo ndipo nilipokonda. Nilisoma kila Jumamosi kwenye maktaba, na jioni Ustadh ananisahihisha kwa chai. Nikajifunza kwamba neno hilo limebadilika kadiri watu walivyobadilika. Katika aya za Makka, Waislamu walipokuwa wachache na wanateswa, Mtume anaambiwa afanye jihadi kubwa kwa Qurani yenyewe, yaani kwa hoja na subira. Madina ndiko ilikoruhusiwa kupigana, kwanza kwa waliodhulumiwa, na wakakatazwa kuvuka mipaka. Kuna aya kali zaidi pia, na wanazuoni walibishana kama zinafuta zile za mwanzo au zinawahusu maadui wa wakati ule. Kisha wakaja mafakihi, wanazuoni wa sheria hiyo, wakiishi chini ya dola kubwa, na wengi wao waliona kupanua mipaka ya dola ni wajibu wa mtawala. Hilo niliandika bila kulipaka sukari. Lakini hao hao waliweka sheria: vita vitangazwe na kiongozi, ahadi ziheshimiwe, wasiuawe wanawake, watoto wala watawa. Na wakagawanya wajibu. Kwa kawaida jihadi ni ya kutoshelezana, wakienda wa kutosha wengine wamesamehewa. Adui akivamia mji, hapo inamwangukia kila mmoja.

Sasa sikiliza hili, maana linakuhusu. Kijana mmoja alimwendea Mtume akitaka kwenda vitani. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Akasema ndiyo. Akaambiwa arudi, jihadi yake iwe kwao. Katika insha ya kwanza nilitumia habari hiyo kuonyesha kwamba jihadi ni kutunza wazazi, basi. Kumbe mafakihi walitoa humo sheria kabisa: katika ile jihadi ya kutoshelezana, kijana haendi bila ruhusa ya mama na baba.

Katika zama hizi, waandishi wengine wameshikilia kwamba vita ni vya kujikinga tu, wengine wakaita watu kupigana na wakoloni, na baadaye wakatokea wanaosema kila Muislamu popote alipo ameshavamiwa, hivyo wajibu ni wa kila mtu, bila kiongozi, bila kuaga. Wanazuoni wengi wamewapinga. Lakini niliona ujanja wenyewe ulipo. Wakishasema ni wajibu wa kila mtu, mama wameshamtoa njiani.

Siku nane zilizopita, Jumamosi, nikaisoma. Darasani tuko Wakristo na Waislamu nusu kwa nusu. Nilipofika mwisho akanyoosha mkono Mwalimu Halima, anayefundisha shule ya msingi ya Ngaremara, mama mpole ambaye muhula mzima sikumsikia akiuliza swali.

"Rudia hiyo mahali ya mama," akasema.

Nikarudia. Akasema mdogo wake aliondoka miaka mingi iliyopita, waliomchukua walimwambia haina haja ya kuaga. Hawajamsikia tena.

"Mama yetu mpaka leo anajiuliza alikosea wapi," akasema. "Kumbe alifaa kuulizwa. Angekataa."

Halima akaomba nakala ya ukurasa huo ampelekee mama yake, nikampa ule wa mkononi mwangu, wenye jasho.

Alama zilitoka Alhamisi. Nimepita, Mama, na nimepita vizuri. Nilitoka ofisini nikakaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Gauni litoe sandukuni.

Nisalimie kaka Mwadime, mwambie asichoke na wewe. Nisalimie shangazi Mghoi aliyenilipia basi la kwanza la kuja huku, na mjomba katekista, umwambie insha nitampa aisome, asihubiri kwanza. Watoto wa jirani yetu wa juu wote, kwa majina yao.

Likizo ya Desemba nakuja. Tutakaa siku zote utakazotaka, goti lako likitazamwa na mimi mwenyewe. Shule inanitaka tena Januari, na mimi nataka kurudi. Lakini sitapanda basi kabla ya kukuuliza ana kwa ana. Na wewe, ukitaka kukataa, kataa.

Ni mimi mwanao,
Wakesho