Shukrani za Waliosukuma Gari

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Pasiansi hatujambo, babu yako bado anaimba nyimbo za harusi yako. Umeuliza wewe na mumeo muwaandikie nini wageni na wazazi.

Sisi tulipooana, babu yako alinakili shukrani za harusi ya rafiki yake. Nikamwambia, "Hizi si zetu." Tukaandika upya pamoja:

"Asanteni mliosukuma gari letu kwenye tope la Kirumba mkiwa na nguo za sherehe. Mama zetu, asanteni kwa kutulea. Baba yake Yohana, asante kwa kumfunika bibi harusi koti lako mvuani. Tunawapenda. Yohana na Sabina."

Ziliposomwa kanisani, waliosukuma walishangilia. Baba mkwe, mtu mkimya sana, alinijia akitabasamu. "Kumbe uliona, mwanangu!"

Hakuwahi kuniita hivyo.

Bibi yako, Sabina