Maneno ya Shangazi Kinuni

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Kasongo tuko wazima, mpunga umeshavunwa. Unauliza utayatoaje kichwani maneno ya mjomba wako.

Mimi, shangazi yangu aliniambia mbele ya watu: "Wewe ni mzigo wa nyumba hii." Siku nyingi nilimjibu moyoni, na kila jibu lilimfanya aseme upya kichwani mwangu. Siku moja nikitwanga mpunga na wifi yangu, nikiyawaza, nilikosa zamu, michi ikagongana.

"Yaseme kwa sauti hayo maneno ya shangazi," wifi akaniambia.

Nikayasema kwa kila pigo, mpaka yakabaki mlio tu. Kesho yake yalirudi. Sikuyafukuza wala kuyajibu. Nilisema, "Mmekuja tena," nikaendelea kutwanga.

Hata leo yamepita hapa. Yamenikuta nikipepeta mchele, sikuinuka kuyapokea.

Bibi yako